Makala ya orodha isiyo na vipengele vya kujazia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapata kwa waandishi wanaoanza, wengi wao wa Kampala na Jinja, wanaoandika kwa Kiswahili kuhusu safari, chakula na biashara ndogo. Nayajibu kwa mfano mmoja tu, makala ya «Mambo 10 ya kufanya Jinja». Niliiandika mimi mwenyewe, nikaikosea, kisha nikaiandika upya, kwa hiyo naijua ndani na nje.

Nianze na namba au nianze na vipengele?

Anza na vipengele. Namba ni hesabu ya kile ulichopata, na hesabu hufanywa mwishoni. Ukianza na 10 huku una mambo sita ya kweli, manne yaliyobaki utayatoa wapi? Utayatoa kwenye makala za wenzako, au utayatoa kichwani kwa kukisia. Hapo ndipo kujazia kunapoanza, kabla hujaandika hata sentensi moja mbaya.

Kitu cha kuanza nacho ni swali la msomaji. «Jinja» si swali. «Niko Kampala, nina Jumamosi na Jumapili, sijawahi kufika Jinja, nifanye nini nisipoteze siku?» Hilo ni swali, na kila kipengele lazima kilijibu.

Nitajuaje kwamba kipengele fulani ni cha kujazia?

Mimi hutumia majaribio mawili. La kwanza ni kukiondoa. Futa kipengele, kisha malizia sentensi hii: «Bila kipengele hiki, msomaji angekosea…» au «angekosa…». Ukiweza kuimalizia kwa jambo mahususi, kirudishe. Ukijikuta unaandika «angekosa uzoefu mzuri», kiache kifutwe.

La pili ni kukihamisha. Chukua maandishi ya kipengele, ondoa jina la Jinja, weka Entebbe. Kama hakuna sentensi iliyogeuka kuwa uongo, basi hukuandika kuhusu Jinja. «Furahia machweo mazuri kando ya maji huku upepo ukivuma» ni kweli Entebbe, ni kweli Ggaba, ni kweli Kisumu na Mwanza pia.

Kuna dalili nyingine inayoonekana kabla hata hujasoma: tazama urefu wa vipengele kwenye ukurasa. Kama cha kwanza kina mistari kumi, cha tano kina sita, na cha tisa na cha kumi vina miwili miwili, mwandishi alikuwa ameishiwa na alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Vipengele vya mwisho vikianza na «Usisahau pia…» au «Vilevile unaweza…», mara nyingi ni hivyo hivyo.

Tuonyeshe kazi hiyo kwenye makala halisi.

Rasimu yangu ya kwanza, niliyoichapisha vivyo hivyo, ilikuwa hivi:

1. Chanzo cha Mto Nile
2. Kupanda boti
3. Sanamu ya Gandhi
4. Maporomoko ya Bujagali
5. Kushuka maji makali kwa rafti
6. Kuendesha kayaki
7. Maporomoko ya Itanda
8. Kula samaki
9. Daraja jipya la Nile
10. Kufurahia machweo

Ukiitazama haraka inaonekana imekamilika. Sasa tuipitie polepole.

Namba 1, 2 na 3 ni mahali pamoja. Msomaji anaingia geti moja, anateremka hadi majini, anapanda boti kufika pale Ziwa Viktoria linapoachia mto, na sanamu ya Gandhi iko kwenye bustani hiyo hiyo, kwa kumbukumbu ya sehemu ya majivu yake yaliyomwagwa hapo mwaka 1948. Ni safari moja na uamuzi mmoja. Kuigawa mara tatu kulinipa namba mbili za bure, na kulimnyima msomaji jambo alilohitaji zaidi, yaani kujua kwamba yote hayo hufanyika kwa mpigo mmoja. Nilipoyaunganisha, kipengele kilipata nafasi ya kueleza kitu ambacho rasimu haikukigusa: Speke, mpelelezi Mwingereza, alipofika hapo mwaka 1862 aliona maporomoko, yale aliyoyapa jina la Ripon. Leo hayaonekani, kwa sababu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954 na maji yakapanda juu ya miamba. Mgeni asiyeambiwa hivyo husimama kwenye boti akitafuta maporomoko, na hurudi akidhani hakupelekwa mahali penyewe.

Namba 4 ndiyo iliyonifundisha. Maporomoko ya Bujagali nilikuwa nimeyaona kwenye orodha nyingi za watalii, nami nikayanakili. Kwa kweli yalifunikwa na maji mwaka 2011, wakati wa kujaza bwawa la umeme la Bujagali, lililozinduliwa rasmi mwaka 2012. Msomaji mmoja kutoka Mwanza aliniandikia kwamba alimlipa bodaboda ampeleke kwenye maporomoko, akafikishwa kwenye maji mapana yaliyotulia kama ya bwawa la samaki. Alidhani ametapeliwa. Bodaboda alikuwa mkweli. Aliyemdanganya ni mimi. Nilimwomba radhi, lakini nauli yake haikurudi.

Kipengele kilichonakiliwa kutoka orodha nyingine ndicho hatari kuliko vyote, kwa sababu hufaulu mtihani wa macho: kina jina, kina picha, na kila mtu amekitaja. Kwa hiyo, hata kabla ya majaribio yale mawili, jiulize ni lini mara ya mwisho wewe, au mtu unayeweza kumpigia simu, alifika hapo.

Namba 5 na 6 zinafanana kwa mbali, ila si kitu kimoja. Kwenye rafti unakaa na wenzako, kuna kiongozi anayeelekeza, na hata mgeni kabisa anaweza kushuka siku ya kwanza. Kayaki ya maji makali kwa kawaida ni ya mtu mmoja na inataka siku za kujifunza. Kwa mtu mwenye Jumamosi na Jumapili tu, rafti ni jibu la swali lake na kayaki si jibu. Kayaki ikawa nusu sentensi ndani ya kipengele cha rafti, kwa ajili ya atakayerudi akiwa na wiki nzima. Na hapo pia kuna mtego wa maelezo ya zamani: baada ya Bujagali, na tena baada ya bwawa la Isimba mwaka 2019, sehemu za kushukia zilibadilika. Ukinakili makala ya 2009 utaelekeza watu kwenye maji makali ambayo hayapo.

Namba 7, Itanda, inabaki. Maporomoko hayo bado yapo na bado yananguruma. Nililiweka hapo hapo lile onyo la Bujagali, kwa sababu anayetafuta maporomoko Jinja ndiye anayehitaji kuambiwa yapi yapo na yapi yamezama.

Namba 8, «kula samaki», ilianguka kwenye jaribio la kuhamisha. Samaki huliwa kote kuzunguka ziwa. Kipengele hicho kingesimama kama ningetaja kibanda fulani, namna wanavyomkaanga ngege wao, na saa ambayo samaki huwa bado wako wa asubuhi. Nilikuwa sijakifanyia kazi hiyo, kwa hiyo nilikiondoa.

Namba 9, daraja lililofunguliwa Oktoba 2018, ni zuri kweli kweli. Lakini anayetoka Kampala hulipita akiingia mjini. Si jambo la kufanya, ni jambo utakaloliona dirishani, na sentensi moja inatosha: kaa upande wa dirisha.

Namba 10 tayari unajua ilikokwenda.

Zilibaki tatu: boti hadi chanzo cha Nile, rafti, na Itanda.

Tatu ni chache. Sasa nifanye nini?

Una njia mbili za haki. Unaweza kuchapisha tatu, zikiwa zimeandikwa vizuri. Au unaweza kurudi kazini, yaani kwenda, kuuliza na kutembea. Njia ya tatu, ya kurudisha machweo, haimo.

Mimi nilirudi Jinja. Nikiwa njiani nilitambua jambo ambalo kila abiria wa barabara hiyo analijua na mimi sikuliandika. Pale Namawojjolo, upande wa Mukono, magari husimama na wauzaji hukimbilia madirishani na vijiti vya kuku wa kuchoma na gonja. Mgeni asiyejua hushtuka, hufunga dirisha, na hufika Jinja na njaa. Hicho ni kipengele: kina mahali, kina wakati, na kinabadilisha anachofanya msomaji (usile sana asubuhi, weka noti ndogo karibu). Nikiwa mjini nilitembea Main Street kwa miguu badala ya kupanda boda, nikakuta majengo ya maduka ya Wahindi ya zamani, mengine yakiwa na mwaka wa ujenzi juu ya mlango. Saa moja inatosha, tena bila tikiti.

Lakini Namawojjolo haiko Jinja. Ili iingie, ahadi ya kichwa ilibidi ibadilike kutoka «Mambo 10 ya kufanya Jinja» kuwa «Kampala hadi Jinja, siku mbili: vituo 5 kwa kufuata barabara». Ahadi iliyobanwa namna hii husaidia kuliko ile pana, kwa sababu inakuambia nini kiingie na nini kibaki nje.

Mteja wangu analipa kwa makala ya vipengele 10. Nimwambie nini?

Tuseme umepata sita vya kweli. Mpelekee hivyo sita, vikiwa vimekamilika, kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini vile vinne vimeachwa, kimoja kimoja. «Bujagali: imezama tangu 2011» ni hoja ambayo mhariri yeyote ataielewa, kwa sababu ni jina lake litakalolaumiwa. Malalamiko ya jumla kwamba kujazia si kuzuri hayatamgusa.

Akisisitiza, omba moja kati ya mawili: nauli na siku moja ya ziada ya kutafuta vinne vya kweli, au ruhusa ya kupanua ahadi. Kumi za «Jinja na njia ya kufika huko» zinapatikana. Kumi za Jinja peke yake kwa mtu mwenye siku mbili ni ngumu.

Ni lini nitenganishe jambo moja kuwa vipengele viwili?

Pale msomaji anapolazimika kuamua mara mbili. Kama ni malipo mawili, siku mbili tofauti, au watu wa aina mbili (mwenye watoto wadogo na asiye nao), tenganisha. Kama anafanya yote kwa mpigo mmoja, unganisha, hata kama una picha tatu nzuri. Picha tatu zinaweza kukaa ndani ya kipengele kimoja bila shida.

Ndani ya kipengele kuwe na nini?

Kuwe na kile ambacho kichwa chake hakikusema. Hili hukosewa sana. Kichwa kinasema «Panda boti hadi chanzo cha Nile», na sentensi ya kwanza inasema «Ukiwa Jinja, unaweza kupanda boti hadi chanzo cha Nile.» Msomaji amesoma jambo moja mara mbili, na wengi wetu tunasoma kwa simu, kwa bando la siku.

Sentensi ya kwanza ibebe sababu au taarifa mpya: utakachoona, au kwa nini kituo hiki na si kingine. Halafu ije namna ya kufanya: unashukia wapi, unalipa nani, inachukua muda gani. Mwisho, kikwazo, kwa sababu kila mahali pana lake. Kwenye boti ni kupatana bei kabla ya kupanda na kuvaa koti la kuokolea kabla boti haijaachia gati. Itanda ni miamba yenye utelezi na njia ndefu ya vumbi.

Bei iandike pamoja na mwezi na mwaka uliolipa. Bei isiyo na tarehe huoza kimya kimya, na msomaji atagombana na mwenye boti kwa sababu yako.

Urefu usiusawazishe. Boti yangu ina aya tatu, Main Street ina moja. Ukilazimisha vyote viwe na maneno 120, utajazia ndani ya vipengele kile ulichokwepa kujazia kwenye orodha.

Vipangwe vipi?

Kwa mpangilio ambao unaweza kuutaja kwa neno moja: njia, saa, bei, ugumu. Yangu inafuata barabara, kwa hiyo Namawojjolo iko mbele na Itanda mwisho, na msomaji anaweza kusafiri na simu mkononi akishuka kipengele kimoja kimoja. Jaribu kuvichanganya vipengele ovyo. Kama hakuna kilichoharibika, mpangilio wako bado haufanyi kazi.

Pia hakikisha vyote ni vya aina moja. Rasimu yangu ilichanganya mahali (chanzo cha Nile), kitendo (kupanda boti) na hisia (kufurahia). Mchanganyiko huo ndio ulionificha kwamba vitu vitatu vilikuwa kimoja. Nilipolazimisha kila kichwa kianze na kitenzi cha kuamuru, yaani simama, panda, tembea, shuka, fika, marudio yalijitokeza yenyewe.

Je, orodha ndefu daima ni mbaya?

Hapana. Kuna orodha za kusoma na kuna orodha za kutafutia. Ukiandika «Maneno 40 ya Kiganda kwa mgeni wa Kampala», urefu ndio thamani, kwa sababu hakuna atakayeisoma mfululizo. Atakuja kutafuta neno moja akiwa Owino au ndani ya teksi. Hata hivyo jaribio la kuondoa bado linafanya kazi. «Mmeka» (ni bei gani) na «salako» (punguza) yanamwokolea pesa. «Maaso awo» yanamshusha kwenye kituo chake, kwa sababu hivyo ndivyo kondakta anavyoambiwa kuwa mtu anashuka hapo mbele. Lakini jina la Kiganda la mnyama ambaye hatakutana naye sokoni ni la kujazia, hata likiwa neno sahihi.

Orodha ya kutafutia ipangwe kwa mazingira, sokoni, kwenye teksi, hotelini, na kila neno lipewe mstari wake mfupi. Aya tatu kwa kila neno zingeiharibu.

Niweke namba kwenye kichwa cha makala? Na kwenye anwani ya ukurasa je?

Kwenye kichwa weka, msomaji apate kujua ukubwa wa anachokifungua. Kwenye anwani usiweke. Kituo kikifungwa mwakani, orodha itapungua, na anwani yenye namba itakubana: ama ujazie tena, ama uibadilishe na kuvunja viungo vyote vilivyoelekezwa kwako. Yangu ni hii:

```
/kampala-hadi-jinja-siku-mbili
```

Vichwa vya vipengele viwe vichwa halisi kwenye ukurasa (`h2`), si maandishi mazito tu. Msomaji wa simu huvipitia kwanza, na anayesikilizishwa ukurasa na simu yake huruka kutoka kichwa hadi kichwa.

Nimeshachapisha orodha yenye vipengele vya kujazia. Niifute?

Usiifute kama kuna watu wanaofika pale. Irekebishe kwa kufuata hatari, wala usifuate urahisi. Kwanza ondoa kilicho uongo leo, yaani mahali palipofungwa, njia iliyobadilika, maporomoko yaliyozama. Usikiondoe kimya kimya, kwa sababu aliyekisoma jana anaweza kuwa anapanga nauli leo. Acha mstari unaosema kilikuwepo na kwa nini kimetoka. Halafu unganisha marudio. Vile vilivyo dhaifu lakini vya kweli vinaweza kusubiri hadi utakapofika huko tena.

Kisha badilisha namba kwenye kichwa na tarehe ya marekebisho siku hiyo hiyo. Mimi niliacha kichwa kikisema 10 kwa wiki mbili wakati ndani kulikuwa na vituo vitano, na watu watatu waliniandikia wakiuliza ukurasa wa pili uko wapi.